Abiria wanne, kila mmoja anafika muda wowote kati ya saa 12 na saa 1. Gari litaondoka saa ngapi kwa wastani?

#1 Kibaigwa_Junior
Wakuu, mbukwenyi.

Mjomba wangu ana Probox ya Dodoma–Kondoa. Abiria wake huweka nafasi kwa simu, wanne tu, hapakii wa kuokota. Wote anawaambia maneno yale yale: njooni Sabasaba kuanzia saa 12 asubuhi, mwisho saa 1. Akifika wa nne, gari linaondoka hapo hapo, hata iwe saa 12:20.

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, kamwambia hivi: kila abiria kwa wastani anafika saa 12:30, kwa hiyo gari kwa wastani linaondoka saa 12:30. Mjomba kacheka. Anasema kuondoka 12:30 ni kama mvua ya Agosti hapa Dodoma. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Tuchukulie hakuna anayepitisha saa 1, kila mtu anakuja kivyake bila kumjua mwenzake, na dakika yoyote ina nafasi sawa na nyingine. Nani yuko sahihi? Naomba hesabu, sio "uzoefu unaonyesha".

#2 Chakushangaza
Mwezi wa 7 na ule upepo, saa 12 asubuhi nani ametoka kitandani? Jibu ni saa 2.

#3 Mama_Zabibu_Hombolo
Mimi ndiye huwa wa kwanza kila gari ninalopanda, kwa hiyo naongea kwa uchungu. Ukifika wa kwanza unakalishwa mpaka miguu inakufa ganzi. Kama swali ni wa kwanza anasubiri muda gani, niandikeni hata mimi nijue, maana nikimuuliza dereva ananiambia "tunaondoka sasa hivi mama".

#4 Mwl_wa_Mpwapwa
Hili ni jepesi. Pima muda kwa saa, yaani saa 12 iwe 0 na saa 1 iwe 1. Densiti ya kila abiria, yaani jinsi uwezekano wa kufika kwake ulivyosambaa kwenye muda, ni 1 kwenye kipande chote, kwa sababu dakika zote zina nafasi sawa. Abiria ni huru, na mambo yakiwa huru tunazidisha. 1 × 1 × 1 × 1 = 1. Kwa hiyo wa mwisho naye densiti yake ni 1, na wastani wake ni nusu saa. Kijana wa kidato cha sita yuko sahihi. Mjomba anakumbuka zile siku mbaya tu, binadamu ndivyo tulivyo.

#5 Kipeo_cha_Nne
Mwalimu, shikamoo. Kuzidisha ni sawa, ila umezidisha kitu ambacho hakijibu swali. Hizo densiti nne ukizizidisha unapata densiti ya abiria wote wanne kwa pamoja: Asha afike dakika hii, Juma dakika ile, na wengine wawili dakika zao. Haisemi chochote peke yake kuhusu wa mwisho ni nani na amefika lini.

Anza na tukio, sio densiti. Tukio la "gari limeshaondoka kufikia dakika ya t" ni kitu gani hasa? Ni kwamba wa mwisho amefika kabla ya t. Na wa mwisho akiwa amefika kabla ya t, basi WOTE wamefika kabla ya t. Hakuna njia nyingine. Hapo ndipo uhuru wao unapofanya kazi, kwa sababu sasa una sentensi yenye "na, na, na": wa kwanza kabla ya t, na wa pili kabla ya t, na wa tatu, na wa nne.

Uwezekano wa abiria mmoja kufika kabla ya dakika ya t ni t/60. Kwa hiyo uwezekano wa gari kuwa limeondoka kufikia t ni

F(t) = (t/60) × (t/60) × (t/60) × (t/60) = (t/60)^4

Huo ndio mgawanyo limbikizi wa anayefika mwisho, umekamilika. Weka t = 30 uone: (1/2)^4 = 1/16. Yaani katika safari 16, ni moja tu kwa wastani itakayoondoka saa 12:30 au kabla yake. Mjomba hana kumbukumbu mbaya.

#6 Mwl_wa_Mpwapwa
Sikatai hiyo F. Lakini densiti ndiyo mteremko wa F, na mimi nilikuwa naongelea densiti. Tusichanganye mambo.

#7 Kipeo_cha_Nne
Sawa mwalimu, tuchukue mteremko wa hiyo F basi. Kwa kipimo chako cha saa, F = x^4, mteremko wake ni 4x^3. Sio 1. Mwanzoni iko karibu na sifuri na mwishoni inafika 4. Gari linapenda kuondoka karibu na saa 1 kuliko karibu na saa 12, na linapenda hivyo sana.

Kama hutaki kalkulasi, tumia abiria wawili tu. Kwa njia yako, 1 × 1 = 1, na uwezekano wa wote wawili kufika kabla ya 12:30 ungekuwa nusu. Lakini huo ni uwezekano wa kurusha shilingi mara mbili na kupata vichwa vyote viwili. Hakuna atakayekuambia hiyo ni nusu, hata pale soko la Majengo.

#8 Kibaigwa_Junior
@Kipeo_cha_Nne asante, nimeelewa mpaka F. Sasa wastani wenyewe? Mjomba anataka aambiwe saa, sio mteremko.

#9 Kipeo_cha_Nne
Kuna njia isiyohitaji hata densiti. Jiulize kila dakika: je, gari bado lipo stendi? Uwezekano kuwa bado lipo dakika ya t ni 1 − (t/60)^4. Ukijumlisha huo uwezekano kwa dakika zote 60 unapata wastani wa muda ambao gari linakaa stendi. Sehemu ya 1 inatoa dakika 60. Sehemu ya (t/60)^4 inatoa 60/5, yaani 12. Jibu ni 60 − 12 = 48.

Saa 12:48. Kwa abiria n inakuwa 60 × n/(n+1). Akiwa mmoja ni 30, na hapo tu ndipo dogo wako anapatia. Wawili ni 40, watatu ni 45, wanne ni 48. Akinunua Noah ya abiria saba, ni 52 na nusu. Angalieni jinsi nyongeza inavyopungua: kutoka mmoja kwenda wawili umeongeza dakika 10, kutoka watatu kwenda wanne ni dakika 3 tu.

#10 Chakushangaza
Kwa hiyo basi la abiria 60 linaondoka saa 12:59. Nimewahi kupanda basi, jamani. Hizi hesabu ni za Ulaya.

#11 Kipeo_cha_Nne
Ungekuwa na abiria 60 waliobanwa kwenye saa moja hiyo hiyo, ndiyo, 12:59. Basi lako lilichelewa kwa sababu konda alikuwa anatafuta abiria ambao hawakuwa wameweka nafasi. Hilo ni swali jingine kabisa: pale idadi ya watakaofika haijulikani na hakuna dakika ya mwisho. Hii F ya kuzidisha haiingii huko.

#12 Takwimu_na_Mlenda
Naongeza kitu kimoja kwa ajili ya mjomba. 48 ni wastani, lakini sio dakika ambayo nusu ya safari zinakuwa zimeondoka. Hiyo unaipata kwa kuweka (t/60)^4 = 1/2, yaani t = 60 × kipeuo cha nne cha 0.5, ambayo ni kama 50.5. Nusu ya siku ataondoka baada ya 12:50. Zile siku chache za bahati anapoondoka 12:20 zinauvuta wastani chini.

Na kama anataka kuwaahidi watu wa Kondoa muda ambao atautimiza mara 9 kati ya 10, anaweka 0.9 badala ya 0.5. Inatoka 58.4. Yaani aseme saa 1 kamili, aache mbwembwe.

Wasioamini karatasi waendeshe hii:

```python
import random
n, safari = 4, 100000
m = [max(random.uniform(0, 60) for _ in range(n))
     for _ in range(safari)]
print(sum(m) / safari)
print(sum(x <= 30 for x in m) / safari)
```

Namba ya kwanza itacheza karibu na 48, ya pili karibu na 0.0625, ambayo ndiyo 1/16 ya post #5.

#13 Dereva_Mstaafu_Singida
Nimesoma yote. Vijana mmejitahidi, lakini mnapishana na daftari. Nilikuwa na gari la abiria wanne kwa mtindo huo huo wa simu, saa moja ya kukusanyika. Karani aliandika muda wa kusubiri karibu mwaka mzima. Wastani ulikuwa dakika 40 hivi. Sio 48, na sio 30. Sasa nielezeni hiyo 8 imeenda wapi.

#14 Mwl_wa_Mpwapwa
Nilisema.

#15 Chakushangaza
Mwalimu, wewe ulisema 30. 😂

#16 Mkaguzi_Area_C
Shikamoo mzee. Swali moja tu: karani alianza kuhesabu saa ngapi? Makarani wengi hawafungui daftari saa 12 kamili. Wanaandika pale abiria wa kwanza anapolipa. Kama ni hivyo, alichopima sio muda wa wa mwisho, ni umbali kati ya wa kwanza na wa mwisho. Na hapo ndipo swali la mama wa Hombolo (#3) linapoingia, ingawa halikuwa swali la uzi.

Watu wanne wanaikata saa moja kuwa vipande vitano: kabla ya wa kwanza, kati ya wa kwanza na wa pili, na kuendelea mpaka kipande cha baada ya wa mwisho. Kwa wastani vipande vyote vitano viko sawa, dakika 12 kila kimoja. Kwa hiyo wa kwanza anafika 12:12, wa mwisho 12:48 (inakubaliana na #9), na kati yao ni dakika 36. Mama Zabibu, wewe unasubiri dakika 36 kwa wastani. Pole.

Sasa karani akianzia wakati mwingine saa 12, wakati mwingine kwa abiria wa kwanza, atapata kitu kati ya 36 na 48. 40 imo humo.

#17 Mama_Zabibu_Hombolo
Dakika 36! Na mimi nilidhani nina mkosi.

#18 Kibaigwa_Junior
@Mkaguzi_Area_C kwa nini vipande vilingane? Mtu wa kwanza na kipande cha mwisho wanajuana wapi?

#19 Mkaguzi_Area_C
Kunja hiyo saa moja iwe duara, saa 1 iguse saa 12. Tupa nukta tano bila mpango juu ya duara. Hakuna nukta iliyo maalumu, kwa hiyo mapengo matano hayana sababu ya kutofautiana kwa wastani, na jumla yake ni 60. Sasa chukua mojawapo ya hizo nukta, kata duara hapo, na uite sehemu ya kukatia "saa 12 na saa 1". Zilizobaki nne ndizo abiria wako. Siku moja moja mapengo yanatofautiana vibaya sana, ni wastani tu ndio unaolingana.

#20 Takwimu_na_Mlenda
Hiyo ya duara nzuri, lakini siamini maelezo ya karani peke yake. Mzee @Dereva_Mstaafu_Singida, abiria wako walikuwa wanakuja mmoja mmoja kweli? Njia ya Singida, mtu na mkewe, mama na mtoto wa kidato cha kwanza, wafanyakazi wawili wa ofisi moja.

Kuzidisha mara nne kunadai wanne wawe huru. Watu wawili waliotoka nyumba moja Nkuhungu kwa bajaji moja wanafika dakika ile ile. Kwa wa mwisho, hao ni mtu mmoja. F inakuwa (t/60)^3 na wastani unashuka mpaka 45. Wakiwa jozi mbili, ni (t/60)^2, wastani 40. Namba yako hiyo hapo, bila kumgusa karani.

#21 Dereva_Mstaafu_Singida
Wanandoa walikuwepo, sikatai. Lakini kila siku jozi mbili? Hapana. Na karani alikuwa binti makini, saa 12 yupo na jaketi lake. Labda siku za baridi.

#22 Chakushangaza
Mzee ametetea karani, ametetea abiria, sasa lawama ni za nani? Za namba?

Mimi nina langu, na safari hii sitanii. Mmechukulia dakika zote ni sawa. Mtanzania hafiki hivyo. Ukimwambia mwisho saa 1, anatoka nyumbani 12:50.

#23 Kipeo_cha_Nne
Hilo ni pingamizi la maana kuliko unavyodhani, ila linatupeleka upande wa pili. Kanuni ya kuzidisha haidai dakika zote ziwe sawa. Inadai uhuru tu. Chochote kilicho F ya mtu mmoja, ya wa mwisho ni F × F × F × F. Ni t/60 ndiyo inayotokana na usawa wa dakika.

Tuseme watu wanakawia, na F ya mmoja ni (t/60)^2. Hapo uwezekano wa mtu kufika nusu saa ya kwanza ni robo tu. Ukizidisha mara nne unapata (t/60)^8, na wastani ni 60 × 8/9, kama dakika 53. Kila mchelewaji anahesabika kama abiria wawili wa kawaida. Kwa hiyo ukawiaji unaongeza, haupunguzi. Mzee anatafuta kilichopunguza.

Kinachopunguza ni watu kuwahi. Geuza picha hiyo: robo tatu ya watu wafike nusu saa ya kwanza, F ya mmoja iwe 1 − (1 − t/60)^2. Nimefanya hesabu, wastani wa wa mwisho unashuka mpaka kama 35.6. Wasafiri wa mbali wanaogopa kuachwa, kwa hiyo sioni ajabu. Watu wakiwahi, ila sio kwa kiasi hicho, unaangukia 40.

#24 Mwl_wa_Mpwapwa
Kwa hiyo sasa tuna karani, wanandoa na waoga wa kuachwa, na wote wanatoa 40. Maelezo yanayotoa chochote unachotaka hayajaeleza kitu.

#25 Mkaguzi_Area_C
Hapo mwalimu umegonga penyewe. Wastani mmoja hauwezi kuwatenganisha. Lakini wanatofautiana kwa abiria wa kwanza. Kama ni jozi mbili na saa inaanza 12 kamili, wa kwanza anafika kwa wastani dakika ya 20. Kama ni wanne huru na karani kachelewa kuanza, wa kwanza yuko dakika ya 12. Kama watu wanawahi kama alivyosema Kipeo, wa kwanza yuko chini kabisa, dakika ya 7 hivi. Mzee, daftari lina muda wa wa kwanza?

#26 Dereva_Mstaafu_Singida
Lina muda wa kusubiri mpaka kuondoka tu, na nauli.

#27 Takwimu_na_Mlenda
Kuondoka kunatosha kidogo. Mzee, hesabu safari zilizoondoka nusu saa ya kwanza. Jozi mbili zingetoa robo ya safari zote. Wanaowahi, robo tatu ikizidishwa mara nne, inatoka kama 0.32, na kwa kuwa umesema 40 sio 35, itakuwa chini ya hapo. Inakaribia robo. Mh. Hizo mbili hazitengani vizuri.

#28 Kipeo_cha_Nne
Hazitengani kwa sababu kati ya watu wanne unamtazama mmoja tu, wa mwisho. Jozi tupu zingeonekana dakika za mwanzo kabisa: kufikia 12:10, jozi mbili zimeondoka mara 1 katika 36, wakati wanne huru wa dakika sawa ni mara 1 katika 1296. Ila wanaowahi nao wana safari za mapema, kwa hiyo utahitaji daftari nene.

#29 Kibaigwa_Junior
Nimemwonyesha mjomba. 48 kaikubali, dogo bado anabisha kuhusu vipande vya duara. Sasa mjomba ameleta lake: abiria wa nne siku hizi mara nyingi anadakia Msalato, gari likiwa njiani, haji Sabasaba kabisa. Huyo naye anahesabiwa kwenye kuzidisha, au tunabaki na watatu na 12:45?

#30 Chakushangaza
Kama anamsubiri Msalato ni wa nne. Kama anampigia honi na kupita, ni watatu na kesi.

#31 Takwimu_na_Mlenda
@Kibaigwa_Junior inategemea. Huyo wa Msalato anatoka nyumbani kwa saa yake, au anasubiri apigiwe simu kwamba gari limetoka mjini? Akisubiri simu sio huru tena.